Petroli au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa: mwongozo kamili wa kuibaini na kujikinga

Wengi wanaoshuku kwamba wameuziwa mafuta yaliyochakachuliwa hufanya mambo mawili: wananusa, kisha wanarudi kituoni kugomba. Yote mawili huwashinda. Pua haina uwezo wa kubaini mafuta ya taa yaliyotiwa kidogo kwenye petroli, maana petroli yenyewe ina harufu kali inayofunika kila kitu. Na kule kituoni, mtu asiye na sampuli wala risiti ataambiwa gari lake ni bovu, na mazungumzo yataishia hapo.

Njia inayofaa ni kulinganisha. Unahitaji mafuta unayoyaamini, uyaweke kando ya yale unayoyashuku, na uyapime yote kwa namna moja. Kipimo cha mafuta mageni peke yake hakikwambii mengi, na sababu yake utaiona katika hatua ya 5.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya tatizo kutokea

- Chupa 3 za kioo za lita 1, safi na kavu, zenye vifuniko vinavyobana kabisa. Chupa za plastiki za maji ya kunywa hazifai: nyembamba, hupitisha mvuke, na kifuniko chake hulegea.
- Haidromita 2 za mafuta, yaani vipimo vinavyoelea na kuonyesha uzito wa lita moja kwa gramu: moja inayosoma kuanzia 700 hadi 750 na nyingine 750 hadi 800. Mwenye dizeli atafute ya 800 hadi 850, na kama dizeli anayonunua ni nzito zaidi, ya 850 hadi 900. Baadhi zimeandikwa 0.700, 0.750 na kuendelea. Maana ni ileile.
- Silinda ya kupimia ya mililita 500, iliyo ndefu kuliko haidromita.
- Kipimajoto cha kutumbukiza kwenye kimiminika.
- Karatasi nyeupe za chujio. Za kuchujia kahawa zinatosha zikiwa nyeupe na hazina mistari.
- Mirija 3 ya kudondoshea dawa au sirinji 3 ndogo zisizo na sindano.
- Faneli, glavu zinazostahimili mafuta, kalamu isiyofutika na utepe wa karatasi wenye gundi wa kufungia chupa.

Ukikosa haidromita bado unaweza kufanya hatua ya 1 hadi ya 4, na pia sehemu ya ununuzi mwishoni. Ila ukiwa na dizeli, bila haidromita huna kipimo cha maana cha nyumbani.

## Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Fanya kazi hii nje, kivulini, mbali na moto, sigara, jiko, swichi na simu inayochajiwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na unaweza kuukuta moto ulio mita kadhaa kutoka ulipo wewe.

Usinyonye mafuta kwa mdomo kwa kutumia mpira. Mafuta ya taa yakipaliwa hata kidogo huingia kwenye mapafu na kuyaunguza, na kumtapisha aliyeyameza huongeza hatari hiyo. Apelekwe hospitali moja kwa moja.

Usijaribu mafuta kwa kuyawasha kibiriti. Video za namna hiyo ni nyingi na hazithibitishi chochote, kwa kuwa petroli iliyochanganywa nayo huwaka vizuri tu.

Na mafuta unayoyashuku usiyamwage kwenye taa ya chemli wala jiko la mafuta ya taa. Mchanganyiko wenye petroli ndani ya jiko hulipuka, na watu hufa.

## Hatua ya 1: Jiwekee sampuli ya kulinganishia

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayobeba zote. Siku gari, pikipiki au jenereta inapofanya kazi vizuri, nunua lita moja kutoka kituo unachokiamini, ijaze chupa hadi sehemu 9 kati ya 10, uifunge na kuandika tarehe, kituo na aina ya mafuta. Nafasi iliyobaki juu ni ya mafuta kutanuka joto likipanda.

Ihifadhi mahali pa baridi, penye giza, nje ya vyumba vya kulala. Kifuniko kikilegea, sehemu nyepesi za petroli hutoroka kwanza na inayobaki huwa nzito, kama vile imetiwa mafuta ya taa. Hapo sampuli yako nzuri itakudanganya. Kwa hiyo ipime na uandike namba yake siku hiyohiyo, kisha uibadilishe kila baada ya miezi 2 au 3.

Pamoja na sampuli, anza daftari dogo: kilomita, lita, kituo, pampu. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, fanya hivyo tena safari ifuatayo, kisha gawa kilomita kwa lita. Baada ya mara chache utajua gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita, na mabadiliko yatajitokeza.

Umefanikiwa ukiwa na: chupa iliyofungwa na kuandikwa, namba yake ya haidromita, na wastani wa kilomita kwa lita.

## Hatua ya 2: Soma dalili za chombo

### Kwa petroli

Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 30 hivi za selsiasi na hutakiwa iwe imekwisha kufikia 210. Mafuta ya taa huanza karibu na 150 na kuendelea hadi 270 au zaidi. Kwenye injini ya baridi, basi, sehemu ya mafuta ya taa hubaki matone badala ya kuwa mvuke. Dalili zake ni hizi: asubuhi injini inazungushwa mara nyingi kabla ya kuwaka, ikiwaka inamisi kwa dakika chache, na eksozi inatoa moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu ya jiko.

Dalili ya pili ni kugonga. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, hivyo mchanganyiko huwaka wenyewe kabla ya wakati injini inapobeba mzigo. Sikiliza unapopanda mlima kwa gia kubwa: mlio mkavu wa kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Magari yenye sensa ya kugonga huficha mlio huo kwa kuchelewesha cheche, na utakachohisi ni gari zito na mafuta yanayokwisha haraka. Mwenye pikipiki ya kabureta huugundua mapema kuliko mwenye gari jipya, kwa kuwa hakuna kompyuta ya kumfichia.

Dalili ya tatu naithamini kuliko zote mbili, na wachache huiangalia. Mafuta ya taa yasiyoungua hupita kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili asubuhi gari likiwa tambarare. Kiwango kikiwa kimepanda kuliko wiki iliyopita, oili ikichuruzika kutoka kwenye kijiti kama maji, na ukinusa unapata mafuta ya taa, chombo kimekuwa kikilishwa mchanganyiko kwa muda. Hapa pua inafanya kazi, kwa sababu kwenye oili hakuna harufu ya petroli ya kuifunika. Lakini nozeli inayovuja, au safari fupifupi ambazo injini haipati joto, huleta hali inayofanana.

Wapo wanaochakachua kwa viyeyushi vya viwandani badala ya mafuta ya taa, na hivyo ni vigumu zaidi kuvibaini. Tineri na tolueni huwa mvuke upesi, na tolueni ina oktani kubwa, kwa hiyo huenda injini isigonge hata kidogo. Madhara huja polepole: mipira na sili za mfumo wa mafuta zinavimba au kupasuka, kisha harufu ya petroli inaanza kusikika karibu na gari. Viyeyushi vilivyokwisha kutumika viwandani huweza pia kubeba vitu vigeni. Mwaka 2007, kusini-mashariki mwa Uingereza, petroli iliyochafuliwa kwa silikoni iliharibu sensa za oksijeni za magari mengi, na kwa macho mafuta yale yalikuwa ya kawaida kabisa.

### Kwa dizeli

Hapa wengi huamini jambo lisilo sahihi, kwamba mafuta ya taa ni sumu ya papo hapo kwa injini ya dizeli. Katika nchi za baridi kali, viwanda vyenyewe huchanganya mafuta ya aina ya taa kwenye dizeli ili isigande, kisha huongeza dawa ya kulainisha. Mchakachuaji haongezi dawa hiyo. Pampu ya dizeli na nozeli hazina oili nyingine ya kuzilainisha ila dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi na makavu. Chuma kinasuguana na chuma.

Ndiyo maana dalili za mwanzo ni hafifu: nguvu inapungua kidogo, ulaji wa mafuta unaongezeka, injini inakuwa na kelele kavu, na injini iliyochoka inagoma kuwaka ikiwa ya moto. Dalili nzito huja baadaye, kwenye chujio. Mwombe fundi alikate chujio la zamani na kulifungua juani. Ukiona vumbi linalong'aa kama fedha kwenye mikunjo ya karatasi, pampu imeanza kujila. Kwenye mifumo mipya inayosukuma dizeli kwa shinikizo la bar 1,500 hadi 2,000 na zaidi, zima injini siku hiyohiyo.

Onyo: hakuna dalili hata moja kati ya hizi inayotosha. Plagi zilizochakaa, chujio la hewa lililoziba na koili mbovu huleta karibu hayo yote. Kinachopaswa kukushtua ni wakati: chombo kilikuwa sawa, ukajaza, na ndani ya kilomita chache kikabadilika.

## Hatua ya 3: Chukua sampuli inayosimama

Sampuli bora hutoka kwenye bomba la pampu ileile, siku ileile. Iliyotoka kwenye tangi lako imechanganyika na mafuta uliyokuwa nayo, na kituo kitaikataa kwa haki.

Weka lita ya kwanza kwenye tangi lako kwanza, kwa sababu kilichomo kwenye mpira wa pampu kinaweza kuwa mabaki ya muda mrefu. Kisha omba kujaziwa kwenye chombo cha chuma kilichowekwa chini. Usijaze chombo kikiwa ndani ya buti wala juu ya kiti au plastiki: umeme tuli haupati njia ya kwenda ardhini, na cheche moja inatosha. Sheria za mahali pengi zinakataza kujaza chupa kwenye pampu, kwa hiyo jaza kidumu kilichoruhusiwa, safi na kikavu, na uhamishie kwenye chupa ukiwa mbali na pampu.

Gawa chupa 2. Moja ya kupima, nyingine usiifungue. Funga kifuniko cha ile ya pili kwa utepe wa karatasi, andika juu ya utepe tarehe, saa, kituo, namba ya pampu na namba ya risiti, na umwombe mhudumu au msimamizi atie saini. Akikataa, andika kwamba amekataa, na upate shahidi.

Umefanikiwa ikiwa: chupa ya pili haijafunguliwa, maandishi yake yanalingana na risiti, na hakuna harufu inayotoka kwenye kifuniko.

## Hatua ya 4: Ondoa shaka ya maji, kisha tumia karatasi

Malalamiko mengi ya "mafuta mabaya" ni maji tu. Acha chupa ya kupima itulie dakika 15, kisha iangalie kwenye mwanga. Maji hukaa chini kama tabaka au matone yanayotembea ukiinamisha chupa. Dizeli yenye maji huwa na ukungu. Ukiona hivyo tatizo lako ni jingine na vipimo vinavyofuata havitakusaidia. Petroli yenye ethanoli inaweza kuficha maji kidogo bila kuonyesha tabaka lolote.

Usihangaike na rangi. Serikali mbalimbali hutia rangi kwenye mafuta ya taa ili kuyatofautisha, lakini petroli nayo hutiwa rangi tofauti na kampuni tofauti, na mchanganyiko mdogo hauonekani.

Kipimo cha karatasi ni kwa petroli tu. Dizeli huacha doa daima, nzuri na mbaya, kwa hiyo mwenye dizeli aende hatua ya 5.

1. Tengeneza kielelezo cha kufundishia jicho: mililita 9 za petroli unayoiamini na mililita 1 ya mafuta ya taa.
2. Kwenye karatasi moja, dondosha tone moja la petroli unayoiamini, tone moja la unayoishuku na tone moja la kielelezo, kila moja kwa mrija wake. Andika kando herufi A, B na C kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka.
3. Shika karatasi kwa pembe, kivulini, hewa ikipita. Angalia saa.
4. Baada ya dakika 2, inyanyue dhidi ya mwanga na uipige picha.

Petroli safi hutoweka karibu yote ndani ya muda huo. Huenda ikabaki duara hafifu ya rangi, na hiyo ni rangi iliyotiwa kiwandani. Mafuta ya taa huacha alama ya mafuta: sehemu inayopitisha mwanga, iliyolowa, inayoteleza ukiigusa kwa glavu. Tone B likifanana na A, huna ushahidi. Likifanana na C au likiwa baya zaidi, una sababu ya kuendelea.

Usisubiri saa nzima ndipo uangalie. Mafuta ya taa nayo hukauka hatimaye, na wanaorudi baada ya chakula kuangalia karatasi huiona safi na kujiridhisha bure.

Kipimo hiki kina mipaka miwili. Mchanganyiko wa chini ya sehemu 1 kwa 10 ni mgumu kuuona hata kwa jicho lililozoea. Na viyeyushi vyepesi hukauka kama petroli, hivyo karatasi safi haina maana kwamba havimo.

## Hatua ya 5: Pima uzito wa lita kwa haidromita

Haidromita hukuonyesha uzito wa lita moja kwa gramu. Petroli kwa kawaida huwa kati ya 720 na 775, mafuta ya taa karibu na 800, na dizeli 820 hadi 845 kwa viwango vya Ulaya, mahali pengine hadi 860 au zaidi. Namba zote hizi ni kwa joto la nyuzi 15. Mafuta ya taa, kwa hiyo, huifanya petroli iwe nzito na dizeli iwe nyepesi.

1. Mimina mafuta taratibu kwenye silinda iliyoinamishwa, ili yasifanye povu.
2. Tumbukiza kipimajoto, koroga polepole, soma joto na uliandike.
3. Ingiza haidromita ielee bila kugusa ukuta. Ikigonga chini au ikizama hadi shingoni, tumia ile nyingine.
4. Inamisha macho hadi usawa wa mafuta na usome pale uso tambarare unapokata kipimo. Usisome ukingo mdogo unaopanda kwenye shina.
5. Maliza upesi. Petroli iliyoachwa wazi inazidi kuwa nzito.

Sasa irudishe namba kwenye nyuzi 15. Kwa kila nyuzi juu ya 15, ongeza takribani 0.9 kwa petroli na 0.7 kwa dizeli. Maabara hutumia majedwali sahihi zaidi, lakini kwa kulinganisha nyumbani hesabu hii inatosha. Afadhali zaidi, ziache chupa zote mbili mahali pamoja kwa saa 2 ili ziwe na joto moja.

### Mfano mmoja hadi mwisho

Mtu mwenye gari dogo alipima petroli yake ya kuaminika siku ya kuihifadhi: 728 kwenye nyuzi 27. Tofauti na 15 ni 12, na 12 mara 0.9 ni karibu 11. Namba yake ya msingi ni 739.

Wiki kadhaa baadaye anajaza kwingine, na gari linaanza kumisi asubuhi. Sampuli ya pampu inasoma 742 kwenye nyuzi 24. Nyuzi 9 mara 0.9 ni 8, kwa hiyo ni 750. Tofauti ni 11.

Kama tofauti hiyo imeletwa na mafuta ya taa yenye uzito wa 800, hesabu yake ni 11 kugawa kwa 61, yaani umbali kutoka 739 hadi 800. Inakuja karibu asilimia 18.

Msimamizi wa kituo anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba 750 iko ndani ya kiwango. Imo. Ndiyo maana namba peke yake ni dhaifu. Pia inawezekana kabisa kwamba shehena hii ilitoka kiwanda kingine na ilizaliwa na 750 yake, kwa kuwa petroli halali mbili hutofautiana hata zaidi ya hapo.

Swali la kumuuliza ni moja: hati ya shehena iliyoshushwa kwenye tangi hili inasema uzito gani kwenye nyuzi 15? Ikisema 749, gari lina tatizo jingine. Ikisema 738 na pampu inatoa 750, kuna kitu kimeingia njiani. Tofauti inayozidi 3 kati ya hati na pampu inatosha kudai maelezo. Hilo, pamoja na tone B lililofanana na C, na injini iliyobadilika baada ya kujaza, ni mambo matatu yanayoelekea upande mmoja.

Kwa dizeli hesabu ni ileile kinyume chake. Dizeli ya 840 iliyotiwa asilimia 20 ya mafuta ya taa ya 800 itasoma 832. Bado iko ndani ya kiwango, na bila namba ya msingi au hati hungeijua kamwe.

Haidromita nayo hudanganyika: mchakachuaji mwenye ujuzi anaweza kuchanganya kitu kizito na chepesi uzito ukabaki palepale. Hapo ni maabara tu, au mashine ya kusoma vinasaba, yaani alama za kemikali, pale ambapo mamlaka hutia vinasaba kwenye mafuta.

## Hatua ya 6: Fanya uamuzi kuhusu tangi lako

Petroli, dalili ndogo, na umejaza robo tangi tu: jaza nafasi iliyobaki kwa petroli unayoiamini, yenye oktani ya juu ikipatikana, endesha taratibu, usipande milima kwa mzigo. Mchanganyiko wa asilimia 18 uliochukua robo ya tangi utashuka hadi kati ya 4 na 5.

Injini inagonga waziwazi, au uliijaza hadi juu: usiendelee. Fundi amwage tangi kwenye vyombo vya chuma, abadilishe chujio, na oili pia kama kijiti kimepanda. Oili iliyokonda hailindi beringi, na beringi ni ghali kuliko tangi zima la mafuta.

Dizeli yenye mfumo wa shinikizo kubwa: mwaga bila kujaribu kuichanganya. Kuosha mfumo ni gharama, kununua pampu na nozeli nne ni gharama mara nyingi zaidi.

Usitie dawa za chupa zinazoahidi kurekebisha mafuta. Hakuna dawa inayotoa mafuta ya taa ndani ya petroli.

## Hatua ya 7: Peleka lalamiko lenye uzito

Anza na msimamizi, kwa utulivu, ukiwa na risiti, namba ya pampu, picha ya karatasi na namba zako. Usilitaje neno "wizi". Omba hati ya shehena na omba mpime pamoja, mbele yenu wote. Kituo kisicho na cha kuficha mara nyingi hukubali, kwa kuwa huenda nacho kimeletewa hivyo na msafirishaji.

Kikikataa, peleka chupa isiyofunguliwa kwa mamlaka ya kudhibiti mafuta au shirika la viwango la nchi yako. Usiisafirishe kwenye basi la abiria. Uliza kwanza wanavyopokea sampuli, maana wengi hupendelea kuja kuchukua wenyewe, na sampuli waliyoichukua wao ndiyo yenye nguvu mbele ya sheria.

Mwombe fundi aandike alichokikuta kwa tarehe, na usitupe chujio, plagi wala oili iliyotolewa.

## Kununua kwa namna inayopunguza hatari

Uchakachuaji hufuata pengo la bei. Mafuta ya taa yakiwa na kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, kishawishi ni kikubwa. Pengo likifungwa, wanahamia kwenye viyeyushi. Angalia pengo hilo na utajua ujihadhari na kipi zaidi msimu huo.

Mafuta ya chupa na vidumu vya kando ya barabara ndiyo yenye hatari kubwa, kwa sababu hakuna hati, pampu wala risiti, na hakuna wa kumrudia. Ukilazimika, chukua kiasi cha kukufikisha kituoni tu. Bei ya kituo iliyo chini sana kuliko majirani wote nayo ina sababu yake.

Ukiwa safarini, kwenye kituo usichokijua, usijaze hadi juu. Jaza ungali na nusu tangi, na uchukue robo. Kama ni mbaya, umeipunguza makali kwa iliyokuwemo, na bado una nafasi ya kuipunguza zaidi kwenye kituo kinachofuata. Wanaosubiri taa ya tangi iwake ndio hulazimika kununua popote.

Ukikuta lori likishusha mafuta, pita au subiri saa kadhaa. Hilo linahusu zaidi maji na uchafu wa chini ya tangi unaotibuliwa, ila gharama ya kusubiri ni ndogo.

Mwenye malori, jenereta au kikundi cha pikipiki kinachonunua kwa pamoja ana nguvu ambayo mnunuzi mmoja hana: anaweza kupima kabla ya kupokea. Kagua sili za lori na namba zake dhidi ya hati. Chukua sampuli kutoka kila chumba cha lori, pima uzito na joto, linganisha na hati. Ikipishana zaidi ya 3, lori lisishushe hata lita moja mpaka muuzaji aeleze, kwa sababu yakishaingia kwenye tangi lako yamekuwa yako.

Ikikubalika, jaza chupa 2 za lita 1, zifungeni na mzitie saini wewe na dereva, abaki na moja na wewe moja. Yako isifunguliwe hadi shehena hiyo imekwisha kutumika na angalau mwezi mmoja umepita, kwa kuwa pampu ya dizeli iliyokaukiwa haifi siku ya kwanza.